Nimeletewa makadirio ya milioni 153 kwa sababu ya pesa zilizopita benki. Nipinge vipi ndani ya siku 30?

Nyundo na Msumari

Wakuu, salamu. Mimi na dada yangu tuna kampuni ndogo ya vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, bati, rangi. Novemba mwaka jana tuliletewa barua ya taarifa ya ukaguzi wa kodi kwa mwaka wa hesabu 2022. Walitaka leja, hesabu za mwaka, ripoti za Z za mashine ya EFD, ankara za manunuzi, na taarifa za benki pamoja na za lipa namba. Tulijaza maboksi mawili tukayapeleka, tukajua tumemaliza.

Jumatatu hii, tarehe 3 Machi 2025, imeletwa hati ya makadirio. Mkaguzi amechukua kila shilingi iliyoingia kwenye akaunti zetu mwaka 2022. Akaunti ya kwanza ni milioni 498, ya pili milioni 171, lipa namba milioni 62. Jumla milioni 731. Akatoa mauzo tuliyotangaza kwenye ritani, milioni 412. Tofauti ya milioni 319 ameiita mauzo yaliyofichwa. Juu yake ameweka VAT ya asilimia 18, sawa na 57,420,000, na kodi ya mapato ya kampuni asilimia 30, sawa na 95,700,000. Jumla 153,120,000, na riba iko ukurasa wa pili.

Hatujaficha mauzo ya milioni 319. Duka letu halina hata uwezo wa kupakia mzigo wa kiasi hicho. Dada hajalala tangu juzi. Naomba mwenye uzoefu aniambie nianzie wapi.

---

Kobe Mpole

Pole sana ndugu. Mimi mwaka jana nilikadiriwa milioni moja na laki nne wakati biashara yangu ni ya chipsi. Nilienda pale dirishani, nikamweleza dada wa watu kwa upole kwamba msimu umekuwa mbaya, akanibadilishia ikawa laki tisa. Hata hati ya kupinga sikuandika. Nenda ukaongee nao, watakuelewa.

---

Mzee wa Leja

Kobe Mpole, hayo ni makadirio mengine. Wewe ulikuwa unakadiria mapato ya mwaka uliokuwa unaendelea, na hayo unaweza kuyarekebisha katikati ya mwaka biashara ikishuka. Nyundo ameletewa makadirio yaliyotokana na ukaguzi wa mwaka uliokwisha. Jina ni moja na watu wengi wamepotea hapo. Wanakwenda dirishani kuongea, wanaahidiwa kwamba suala lao litaangaliwa, siku 30 zinapita bila karatasi yoyote rasmi, na deni linakuwa halina mjadala tena.

Nyundo, nimefanya ukaguzi kwa miaka mingi na sasa nawasaidia wafanyabiashara kwenye pingamizi. Kwanza kabisa tafuta bahasha na kitabu cha kupokelea barua. Hati ina tarehe gani, na mmeipokea tarehe gani kwa saini? Siku 30 zinahesabiwa tangu ulipokabidhiwa. Kama ni tarehe 3 Machi, mwisho wako ni tarehe 2 Aprili. Usipange kufika siku hiyo. Ukiwa na sababu ya kweli ya kuchelewa, kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi, ombi la kuongezewa muda linatakiwa liingie kabla siku hizo hazijaisha.

La pili ni hela. Pingamizi halipokelewi kwa maneno peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka ulipe kiasi usichokipinga, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Theluthi ya 153,120,000 ni 51,040,000. Kama huna, unamwandikia Kamishna Mkuu kuomba upunguziwe au usamehewe malipo hayo ya awali, ukieleza sababu na kuambatanisha ushahidi. Ombi hilo liandike wiki hii, usilingoje pingamizi lenyewe liive. Nimeona watu wenye hoja nzuri wakianguka kwa sababu walikumbuka theluthi siku ya 29.

La tatu, naomba unijibu maswali haya kwa ukweli. Pesa za lipa namba mlizitoaje? Je, mlihamisha pesa kati ya akaunti mbili? Kuna mkopo? Kuna mtu aliweka pesa yake binafsi kwenye kampuni? Wateja wa mwaka 2021 waliokuwa wanadaiwa walilipa 2022? Je, fedha taslimu za dukani zote zilifika benki? Na ile milioni 412 ni kabla ya VAT au pamoja nayo?

---

Bahari Shwari

Mzee unamtisha kijana bure. Siku hizi ukiandika mkataba wa mkopo kutoka kwa shemeji wa milioni mia mbili, tarehe ya 2022, wakili akagonga muhuri, hoja imeisha. Au tafuta anayemfahamu mkaguzi.

---

Mwanamvua wa Kariakoo

Bahari Shwari, usimpeleke mwenzako gerezani. Mkopo wa shemeji lazima uonekane ukitoka kwenye akaunti ya shemeji na ukiingia kwenye akaunti ya kampuni, siku ileile, kiasi kilekile. Halafu wataanza kumuuliza shemeji alizipata wapi. Mkataba wa kutengeneza unageuza kosa la hesabu kuwa kosa la udanganyifu, na hapo hakuna atakayekusikiliza hata kwa yale ya kweli.

Nyundo, mimi niliwahi kukaguliwa kwenye biashara ya vitenge. Kilichoniumiza ni risiti. Karatasi za EFD zile zinafutika kwa joto. Nilikuwa nazihifadhi kwenye bati la biskuti juu ya kabati, chini ya paa la bati. Nilipofungua, theluthi nzima ya risiti za manunuzi zilikuwa nyeupe kama karatasi mpya, nyingine zimebaki na kivuli cha kijivu upande mmoja. Kama bado namba ya uhakiki inasomeka, iingize kwenye verify.tra.go.tz pamoja na muda uliochapwa kwenye risiti, utaiona risiti yenyewe na unaweza kuichapisha. Ile iliyofutika kabisa, rudi kwa muuzaji umwombe nakala. Mimi niliokoa nyingi kwa njia hiyo, na zile za wauzaji waliofunga biashara nilizipoteza. Sasa hivi kila risiti naipiga picha siku ileile.

---

Nyundo na Msumari

Asanteni. Shikamoo Mzee. Nimekaa na dada hadi saa nane usiku tukipitia taarifa za benki mstari kwa mstari. Majibu:

Hati imeandikwa tarehe 20 Februari, lakini tumesaini kuipokea tarehe 3 Machi. Kitabu cha mpeleka barua nimekiomba, wamenipa nakala ya ukurasa.

Lipa namba: pesa zilikuwa zinajaa, kila wiki tunazihamishia akaunti ya kwanza. Kwa mwaka ni milioni 58. Kwa hiyo zimehesabiwa mara mbili, kule na huku!

Kati ya akaunti zetu mbili tulihamisha milioni 49, kwa ajili ya kulipia mzigo wa nondo.

Mkopo wa benki milioni 60, uliingia Mei 2022. Mkataba upo.

Dada aliuza kiwanja chake, akaweka milioni 35 kwenye kampuni. Hati ya mauziano ipo.

Hundi mbili za wateja ziliingia halafu zikarudi, jumla milioni 8.5.

Wadaiwa wa 2021 waliolipa 2022 ni milioni 37. Wateja wa 2022 ambao mwaka uliisha hawajalipa ni milioni 12. Na fedha taslimu kama milioni 6 tulizitumia palepale dukani kuwalipa vijana wa kupakia, hazikufika benki. Hizo mbili za mwisho sijui kama niziseme, naona zinanidhuru.

Milioni 412 ni kabla ya VAT.

---

Mzee wa Leja

Marahaba. Umefanya kazi ya siku tatu kwa usiku mmoja. Na hizo mbili za mwisho utaziweka. Nitakueleza kwa nini.

Mkaguzi alichofanya ni kupima mauzo kwa kutumia benki. Njia hiyo ni halali, hutumika pale ambapo maelezo hayakupatikana. Na ninyi hamkutoa maelezo, mlitoa maboksi. Mkaguzi mwenye mafaili 20 mezani hatakaa kutafuta ni muamala gani wa tarehe 14 Juni umetoka lipa namba kwenda benki. Atajumlisha. Kwa hiyo usiandike barua ya kusema "hatukubali, makadirio ni makubwa mno". Jenga jedwali linaloanzia kwenye mauzo yako na kufika kwenye milioni 731 yake, kila hatua ikiwa na karatasi yake nyuma.

Anza na VAT, maana hapo ndipo mkaguzi ameteleza waziwazi. Pesa iliyoingia benki ni pamoja na VAT uliyomtoza mteja. Yeye amelinganisha pesa yenye VAT na mauzo yasiyo na VAT. Milioni 412 ukiongeza asilimia 18 ni 486,160,000. Hapo tu tofauti imepungua kwa 74,160,000, na ushahidi ni ritani zako 12 za VAT.

Sasa jiulize: kwa mauzo hayo, benki ilitakiwa ipokee kiasi gani? Chukua 486,160,000. Ongeza milioni 37 za wadaiwa wa zamani, kwa sababu mauzo yao yalitangazwa 2021. Toa milioni 12 ambazo wateja hawajalipa. Toa milioni 6 zilizotumika dukani. Unabaki na 505,160,000. Hiyo ndiyo pesa ya mauzo iliyotegemewa kufika benki.

Juu yake weka ile isiyo mauzo: milioni 58 za lipa namba, 49 za kati ya akaunti, 60 za mkopo, 35 za kiwanja, 8.5 za hundi zilizorudi. Jumla 210,500,000. Ukiziunganisha unapata 715,660,000.

Yeye ana 731,000,000. Zimebaki 15,340,000 ambazo wewe mwenyewe hujazieleza. Hizo usizipambe. Zitafute, na usipozipata zikubali kama mauzo yaliyosahaulika. Zina VAT ndani yake, kwa hiyo unagawa kwa 1.18 na kupata mauzo ya milioni 13. VAT yake 2,340,000, kodi ya mapato 3,900,000. Jumla 6,240,000 badala ya 153,120,000. Ona pia kwamba yeye alizidisha asilimia 18 juu ya pesa ambayo tayari ina VAT. Hilo liandike kama hoja inayojitegemea.

Kuhusu zile milioni 12 na 6: ukizificha jedwali lako linaonyesha zilizobaki ni hasi, yaani 15.34 inakuwa hasi milioni 2.66. Mkaguzi mzoefu akiona benki imepokea pungufu ya mauzo atauliza mara moja wadaiwa wa mwisho wa mwaka wako wapi, na wapo kwenye mizania yako mwenyewe. Jedwali likivunjika hapo, hataamini hata mkopo.

---

Binti Ghala

Naomba niongeze kitu kutoka upande wa stoo, maana nimetunza stoo ya saruji miaka tisa.

Nyundo, jedwali la benki ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mzigo wenyewe. Kama mngeuza bidhaa za milioni 319 zaidi, zingetoka wapi? Chukua bidhaa mbili au tatu zinazobeba mauzo yenu. Kwa saruji, andika mifuko iliyokuwepo tarehe 1 Januari 2022, ongeza iliyonunuliwa kwa ankara na hati za kupokelea mzigo, toa iliyobaki tarehe 31 Desemba. Inayopatikana ndiyo mliyoweza kuuza. Linganisha na mifuko iliyoandikwa kwenye risiti zenu za EFD.

Mara nyingi kutakuwa na tofauti ya mifuko michache, iliyopasuka au kuganda kwa unyevu. Hiyo ni ya kawaida kama kuna daftari la uharibifu. Lakini tofauti ya maelfu ya mifuko haitakuwepo kama mnasema kweli. Sisi tulipeleka daftari la stoo lenye vumbi la saruji kwenye kurasa, tarehe na saini za madereva, na hilo ndilo mkaguzi alilolisoma muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.

---

Nyundo na Msumari

Dada Binti Ghala, umenifumbua macho. Daftari la stoo lipo, ila la Agosti na Septemba 2022 lililowa mvua, kurasa zimeshikana. Nitajaribu kujaza kwa hati za madereva za wauzaji.

---

Jirani wa Namanga

Mimi niko upande wa Kenya. Huku wala hutakiwi kuweka theluthi, unalipa tu ile sehemu unayoikubali. Na Kamishna asipotoa uamuzi ndani ya siku 60 tangu uwasilishe pingamizi halali, pingamizi lako linahesabiwa limekubaliwa. Kwa hivyo ndugu, peleka karatasi zako, kisha nyamaza. Wakichelewa umeshinda.

---

Mwanafunzi wa Sheria

Jirani, kwa Kenya uko sawa, lakini Nyundo akifuata hilo ataumia. Tanzania Kamishna Mkuu anatakiwa kuamua ndani ya miezi sita tangu pingamizi lipokelewe rasmi. Asipoamua, makadirio yanahesabiwa yamethibitishwa, na wewe unapata haki ya kwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Yaani ukimya wa huko unakupa ushindi, ukimya wa huku unakupa safari nyingine. Kwa hiyo aweke alama kwenye kalenda tarehe ambayo pingamizi limepokelewa rasmi.

Kwenye Bodi kuna saa nyingine inayokwenda: taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 30 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45 tangu kukabidhiwa uamuzi. Baada ya Bodi ni Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani. Na Sheria ya Rufani za Kodi imeweka mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi kwa mlipakodi. Ofisi haithibitishi kwamba uliuza. Wewe unathibitisha kwamba hukuuza.

Na swali langu kwa Mzee: ombi la kupunguziwa theluthi likikataliwa, mtu anaweza kwenda Bodi kwa uamuzi huo peke yake? Mimi nasoma kwamba anaweza, ni uamuzi wa Kamishna kama uamuzi mwingine.

---

Mzee wa Leja

Mwanafunzi, umeeleza vizuri. Kwenye swali lako sikubaliani nawe. Mimi nasoma kwamba Bodi inataka uamuzi wa mwisho juu ya pingamizi, na pingamizi ambalo halijapokelewa halina uamuzi wa mwisho. Nimeona mawakili wakigombana juu ya hilo pande zote mbili. Kwa mtu wa duka kama Nyundo ni bora ombi liwe na nguvu tangu mwanzo: taarifa za benki za miezi sita ya karibuni, ratiba ya marejesho ya mkopo, mishahara ya wafanyakazi, na jedwali lenyewe linaloonyesha kwamba kodi ya kweli ni milioni 6. Afisa akiona jedwali, anaona sababu ya kupunguza. Akiona barua ya kulia hali ngumu tu, ana barua 40 za namna hiyo.

---

Mwanamvua wa Kariakoo

Mzee, hapa mimi napingana nawe kidogo. Hizo milioni 13 za mwisho, kwa nini alipe asilimia 30 ya mauzo yote? Kodi ya mapato ni ya faida. Bidhaa ilinunuliwa, kuna gharama. Kwa vifaa vya ujenzi faida haifiki hata shilingi 15 kwa kila mia.

---

Mzee wa Leja

Dada Mwanamvua, hoja yako ni ya kweli kwa sharti moja. Kama manunuzi yote ya 2022 tayari yamo kwenye hesabu zao kama gharama, basi bidhaa iliyotoka kwa hizo milioni 13 gharama yake imeshatolewa. Mauzo yaliyosahaulika yanabaki kuwa faida tupu. Kama kuna ankara za manunuzi ambazo hazikuingizwa kwenye leja, na zina risiti za EFD, hapo wadai gharama hiyo. Jedwali la stoo la Binti Ghala ndilo litakaloonyesha ni ipi kati ya hizo mbili.

---

Mwanamvua wa Kariakoo

Bado naona si haki kwa anayeuza kwa faida ndogo, lakini nimeelewa hesabu.

---

Kobe Mpole

Na ile taasisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi, si angeenda huko bure?

---

Mwanafunzi wa Sheria

Huko unapeleka malalamiko ya huduma na mwenendo: umezungushwa, umetukanwa, barua haijibiwi. Kubadilisha tarakimu za makadirio kuna njia yake ya pingamizi na rufaa, na siku 30 hazisimami kwa sababu umelalamika sehemu nyingine.

---

Binti Ghala

Nyundo, ile pesa ya kiwanja ya dada yako itazame kwa makini. Hati ya mauziano peke yake ni nyepesi. Kodi ya mauzo ya kiwanja ililipwa? Wakifuata ile milioni 35 watafika mpaka kwa mnunuzi.

---

Nyundo na Msumari

Ililipwa, risiti ya malipo ipo. Tatizo ni kwamba mnunuzi alilipa kwa awamu tatu kwenye akaunti binafsi ya dada, na dada akaja kuweka kwenye kampuni kwa mara mbili, milioni 20 Julai na milioni 15 Septemba. Na kikao cha wakurugenzi hakikuandikwa popote, alisema tu "weka, duka linahitaji". Sisi ni ndugu, nani angewaza kuandika muhtasari?

---

Mzee wa Leja

Msiandike muhtasari leo na kuuwekea tarehe ya 2022. Andikeni maelezo ya leo, yenye tarehe ya leo, dada asaini kwamba aliweka pesa hizo na kwamba kampuni ilizitambua kama deni kwake. Angalieni mizania ya Desemba 2022: kama kuna mstari wa deni kwa mkurugenzi wa milioni 35, huo una uzito kuliko muhtasari, kwa sababu uliandikwa kabla ugomvi haujaanza. Ambatanisheni taarifa ya akaunti binafsi ya dada, awamu tatu zilizoingia mzichore kwa kalamu moja, mbili zilizotoka kwa nyingine.

Barua ya pingamizi iwe fupi. Kila hoja na kiasi chake: VAT, lipa namba, uhamisho, mkopo, kiwanja, hundi, wadaiwa, na kile mnachokubali. Viambatanisho vipewe namba, na kwenye jedwali namba hiyo iandikwe pembeni ya kila kiasi. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nyumbani. Msiache nyaraka ya maana kwa ajili ya baadaye, maana ile ambayo hukuitoa kwenye pingamizi utaulizwa vikali kwa nini unaileta Bodi.

---

Nyundo na Msumari

Wakuu, marejesho. Niliahidi kurudi.

Ombi la kupunguziwa theluthi liliingia tarehe 11 Machi. Walikubali kwa sehemu, tulipe milioni 18. Tuliuza gari la mizigo dogo ili tuzipate. Pingamizi liliingia tarehe 26 Machi na muhuri ninao. Viambatanisho vilikuwa 31. Za Agosti na Septemba kwenye stoo tulizijaza kwa hati za madereva, zimepungua siku nne tu. Kwenye saruji tofauti ya mwaka mzima ilikuwa mifuko 86, na daftari la uharibifu lina 71.

Ile 15,340,000 tuliitafuta mpaka mwisho. Tulipata sehemu ni malipo ya fundi mmoja ambaye alilipa kidogo kidogo kwa lipa namba kwa miezi minne, na kijana wa dukani alidhani risiti itatoka akimaliza kulipa. Haikutoka. Kwa hiyo ni mauzo kweli, na tumeyakubali.

Jana, baada ya vikao viwili, tumepata barua ya mapendekezo. Wamekubali VAT, lipa namba, uhamisho, mkopo, hundi na wadaiwa. Wamekataa milioni 35 za kiwanja, wanasema awamu tatu na kuweka mara mbili havilingani. Kwa hesabu yao ni 50,340,000, ukigawa kwa 1.18, kodi zote mbili zinafika kama milioni 20.5 kabla ya riba. Tumepewa siku 30 kujibu.

Dada anataka tuongeze milioni mbili na nusu juu ya zile 18 tulizokwisha kulipa, tumalize. Mimi roho inakataa, ile ni pesa ya kiwanja cha marehemu baba.

---

Mzee wa Leja

Kutoka 153 hadi 20 na nusu. Hongereni ninyi wawili.

Kuhusu kiwanja: fedha za awamu tatu jumla yake ni ngapi, na kati ya awamu ya mwisho na kuweka kwa Septemba akaunti ya dada ilibaki na salio gani? Kama salio halikushuka chini ya milioni 15 katika kipindi chote hicho, basi pesa ni ileile, na hilo linaonekana kwa mstari mmoja wa taarifa ya benki. Kama lilishuka likapanda tena kwa pesa nyingine, hapo dada ana hoja ya kulipa. Angalia hilo kabla hujaamua, na kumbuka riba inapungua kila unaposhinda kiasi.

---

Nyundo na Msumari

Awamu zote tatu ni milioni 41. Salio la chini kabisa kati ya Julai na Septemba ni 16,220,500, tarehe 19 Agosti. Nimeipigia mstari hapa mezani. Jibu linaondoka Jumatatu.

---

Mwanamvua wa Kariakoo

Na taarifa ya mnunuzi je? Mwombe akupe ukurasa unaoonyesha zile awamu tatu zikitoka kwake. Mimi ningekwenda nao wote wawili.

---

Nyundo na Msumari

Yuko Mbeya. Nimempigia, amesema atautuma kwa basi la kesho.